Kalavati moja chini ya njia ya shamba: kazi ya Rungwe kuanzia kipimo hadi ukuta

Kalavati dogo halivunjiki kwa sababu bomba ni dhaifu. Nimeyaona mengi yaliyosombwa huku kwetu Rungwe, na karibu kila mara mabomba yenyewe yalikutwa mazima, yamelala bondeni kama magunia. Kilichoondoka ni udongo. Maji yalikosa nafasi ndani ya bomba, au mdomo wake uliziba, yakatafuta njia pembeni ya bomba, chini yake au juu ya barabara. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inajibu swali moja: maji yakikataa kupita ndani, yatapita wapi?

Nitatumia kazi moja niliyoisimamia, njia ya kuingilia shamba la parachichi na migomba kwenye miteremko ya chini ya Tukuyu. Njia ina upana wa mita 4, inapitisha Fuso wakati wa mavuno na bodaboda siku zote, nayo inavuka kijito kinachokauka Septemba na kuvuma Aprili. Kalavati la kwanza lilikuwa la bomba la sentimita 60, nami nilikuwa mmoja wa waliolilaza. Lilidumu misimu miwili.

Kujua maji ni mengi kiasi gani

Anza kwa kupanda. Tembea juu ya kijito mpaka ufike kwenye mgongo wa kilima ambako maji yanagawanyika, mengine yakija kwako na mengine yakienda bonde la pili. Zunguka mgongo huo wote ukiwa na simu yenye programu ya kupima eneo. Sisi tulipata ekari 15, yaani hekta 6 hivi. Hesabu pia maji yanayoletwa na watu: mfereji wa barabara ya kijiji ukimwagika kwenye kijito chako, eneo linalouleta lazima liingie kwenye hesabu hata kama liko nje ya bonde. Hili husahaulika sana.

Halafu tumia hesabu hii, inayofaa mabonde madogo:

```
Q = C × i × A / 360
```

Q ni maji kwa mita za ujazo kila sekunde, A ni eneo kwa hekta, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi. Kwa bonde dogo kama letu, ambalo tone lililoanguka juu kabisa linafika kwenye njia kwa muda usiozidi robo saa, unachotafuta ni ukali wa ile robo saa mbaya. Mvua ya mwaka mzima haikusaidii hapa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini nyingi kati ya hizo huanguka taratibu na kalavati halizijui. Kwa i mimi huchukua 100. Kama mhandisi wa halmashauri ana takwimu za mvua za karibu nawe, tumia zake. Kwa C nilichukua 0.35. Udongo wetu wa majivu ya volkano hunywa maji vizuri, ila kufikia Aprili umeshashiba, na kuna vijia na mapaa ya bati.

```
Q = 0.35 × 100 × 6 / 360 = 0.58
```

Usiiamini namba hiyo peke yake. Bibi mmoja anayeishi ng'ambo ya kijito alinikuta nikiandika kwenye daftari, akacheka. "Mwanangu, usitazame maji ya leo," akasema, "njoo nikuonyeshe yalipofika." Akanipeleka kwenye mti ulioinama ukingoni. Kwenye gome, usawa wa goti lake, kulikuwa na mstari wa matope makavu na nyasi zilizosukwa kuuzunguka shina, zote zikielekea upande mmoja. Mstari kama huo ni kipimo bora kuliko makadirio mengi ya ofisini.

Tulipima mkondo mpaka kwenye mstari huo: upana wa wastani mita 1.4, kina sentimita 40, hivyo eneo la maji ni mita za mraba 0.56. Mvua ilipokuja nilitupa kipande cha ganda la mgomba, kikaenda mita 10 kwa sekunde saba na nusu. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo nikapunguza mwendo huo hadi asilimia 80, nikabaki na mita 1.07 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.56 upate 0.6. Njia mbili zisizojuana zimefika karibu pale pale. Zingetofautiana sana ningerudi mlimani kukagua eneo, au ningemwuliza bibi tena.

Kuchagua bomba

Bomba fupi lenye mteremko wa kutosha linazuiwa na mdomo wake: kiasi kinachopita hutegemea maji yamepanda kiasi gani pale mlango wa juu. Kama maji yamefika usawa wa paa la bomba bila kulizidi, bomba la sentimita 60 hupitisha takriban mita za ujazo 0.29 kwa sekunde, la 75 hupitisha 0.5, na la 90 hupitisha 0.8. Ona jinsi tofauti inavyoruka. Ukiongeza kipenyo kwa nusu, maji yanayopita yanakaribia kuwa mara tatu.

Bomba letu la zamani la 60 lilikuwa linaombwa kupitisha mara mbili ya uwezo wake. Linaweza, ila kwa kujaza bwawa la kina cha karibu mita moja nyuma ya barabara, na bwawa hilo ndilo linalosukuma maji kupenya kandokando ya bomba. Mawili ya 60 yakilazwa sambamba yangetosha kwenye karatasi. Niliyakataa kwa sababu ya migomba. Shina la mgomba lililokatwa na kuachwa shambani huelea vizuri sana, hufika kwenye mlango wa bomba la 60 likiwa limelala kingamo, hukamata majani, majani hukamata matope, na ndani ya dakika kumi huna kalavati. Tena bomba la 60 mtu mzima haingii na jembe kulizibua. Tukachukua moja la 90. Kwa 0.58 maji yatapanda hadi sentimita 75 hivi mlangoni, na juu yake bado kuna nafasi ya vitu vinavyoelea.

Vimo: hesabu ya kufanya kabla ya kuchimba

Kosa la kawaida ni kununua bomba kwanza, kisha kugundua kwamba barabara iko chini mno kulifunika. Bomba la zege la 90 lina ukuta wa sentimita 10 hivi. Kutoka sakafu ya ndani ya bomba mpaka uso wa barabara unahitaji sentimita 90 za bomba, 10 za ukuta wake wa juu, na 60 za udongo ulioshindiliwa, changarawe ya barabara ikiwemo. Jumla ni mita 1.6. Zile 60 ndizo zinazotawanya uzito wa tairi la Fuso. Kifuniko kikiwa chembamba tairi hukandamiza sehemu ndogo tu ya mgongo wa bomba, na ufa hutokea juu kabisa, ukikimbia kwa urefu wa bomba.

Sakafu ya bomba tuliiweka sentimita 5 chini ya kitako cha kijito ili maji yasikutane na kizingiti. Barabara ya zamani ilikuwa mita 1.2 tu juu ya kitako. Tulihitaji 1.55. Tukakubali kuinua barabara sentimita 35 pale, na kushuka polepole kwa mita 7 kila upande ili gari lisipige tumbo. Pale ambapo haiwezekani kuinua, zungushia bomba zege la sentimita 15 na uvumilie gharama. Usijidanganye kwamba magari yatapita taratibu.

Kuinua barabara kunaleta tatizo ambalo wengi hawalioni. Kalavati likiziba, maji hayawezi tena kupita juu yake, kwa kuwa pale ni kilima. Yatafuata barabara kushuka, yaichimbe mita mia, kisha yaingie kwenye shamba la jirani. Kwa hiyo chagua mwenyewe mahali pa kufurikia. Sisi tulibonyeza barabara kidogo mita 10 upande wa mteremko, tukapanga mawe makubwa kwenye mbonyeo huo na kwenye mfereji mfupi unaoyarudisha maji kijitoni. Siku likiziba, njia itapata tope lakini itabaki.

Urefu ni rahisi ukiwa na kuta za kichwa, zile za mawe zinazosimama kwenye midomo miwili ya bomba. Njia ya mita 4, nusu mita ya bega kila upande, na bomba kupenya unene wa kuta mbili za sentimita 40: mita 5.8. Vipande ni vya mita moja, tukanunua sita. Kila kimoja kina uzito wa kilo 750 hivi, kwa hiyo panga mapema nani atavishusha na kwa kifaa gani.

Jambo moja la kisheria kabla ya jembe. Kama njia yako inaanzia kwenye barabara ya umma na kalavati linakaa ndani ya hifadhi yake, omba kibali TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani. Ukigusa kijito, ongea na watu wa bodi ya maji ya bonde. Kwa upande wa Rungwe ni Bonde la Ziwa Nyasa.

Kuchimba na kitanda

Fanya kazi hii kati ya Agosti na Oktoba. Novemba mvua ikianza utakuwa unajenga ndani ya supu. Kijito kilichobaki kizuie kwa viroba vya mchanga na ukipitishe pembeni kwa mfereji wa muda.

Fuata mkondo wa kijito ulivyo, hata kama unaikata barabara kwa mshazari. Ukilinyoosha kalavati ili lipendeze, maji yatagonga ukingo mlangoni na kuula kila msimu. Upana wa mtaro ni upana wa nje wa bomba pamoja na sentimita 40 kila upande, kwetu mita 1.9. Nafasi hiyo ya pembeni ni ya mtu kusimama na kushindilia. Mtaro ukiwa mwembamba kazi muhimu kuliko zote haitafanyika. Kina chetu kutoka barabara ya zamani kilikuwa mita 1.5, na udongo wa majivu huporomoka bila kuaga, kwa hiyo laza kingo za mtaro kidogo na weka udongo uliochimbwa mbali na ukingo.

Kitako cha mtaro kikague kwa kisigino. Pale kisigino kinapozama, toa udongo huo laini, jaza mawe madogo na moramu, shindilia. Sisi tulikuta tabaka la mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo. Tulilitoa lote chini ya bomba, kwani maji hupita ndani yake kama kwenye chujio.

Juu yake weka kitanda cha sentimita 15. Wengi huweka kokoto safi au changarawe iliyooshwa kwa sababu inasawazishika haraka. Kwenye udongo wetu hilo ni kosa, kwa maana kokoto zisizo na udongo wa kuziba nafasi ni mfereji wa pili chini ya bomba. Maji yataingia juu, yatoke chini, na yatabeba majivu yako kidogo kidogo. Nilitumia moramu nyekundu yenye mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo, ikashindiliwa, kisha tukakwangua katikati umbo la bakuli ili bomba liketi kwa tumbo lake. Likikaa kwenye mstari mmoja tu, uzito wote unabanwa pale.

Mteremko tulichukua asilimia 3, sawa na kijito. Kwa mita 6 ni tofauti ya sentimita 18 kati ya mlango wa juu na wa chini. Huhitaji mashine kwa hili. Mpira wa maji ule wa mafundi ujenzi unatosha: piga mambo mbili, hamisha usawa kwa mpira, shuka sentimita 18 kwenye mambo ya chini, funga kamba. Chini ya asilimia 1 matope yataanza kulala ndani ya bomba. Ukizidi 5 maji hutoka yakiwa na hasira, na vipande huanza kuteleza visipozuiwa.

Kulaza vipande

Kabla ya kipande cha kwanza kushuka, chimba misingi ya kuta mbili za kichwa na uimwagie zege, kwa sababu bomba la mwisho la kila upande litakaa juu ya msingi huo. Kwa mlango wa juu tulishuka sentimita 50 chini ya sakafu ya bomba, na kwa mlango wa chini 70. Msingi huu unafanya kazi ya jino: unang'ata ardhi chini ya kitanda na kukata njia ya maji yanayotaka kupita chini. Kalavati letu la kwanza halikuwa nalo. Tuliambiana bomba limekaa vizuri, ukuta wa nini huko chini.

Anzia mlango wa chini ukipanda, na upande wenye kikombe wa kila kipande uelekee juu, ili kipande kinachofuata kiingie ndani yake. Kila kipande tulikishusha kwa mihimili mitatu iliyofungwa kileleni na winchi ya mnyororo. Ukiwa huna winchi, kukiviringisha juu ya mbao kwa kamba mbili zilizozungushwa kwenye gogo lililozikwa kunawezekana, mradi hakuna mtu anayesimama upande wa chini. Hakuna haraka ya kazi inayolingana na mguu wa kijana uliobanwa na kilo 750.

Paka kikombe mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili, sukuma kipande kwa mtaimbo ukiwa umetanguliza ubao ili usivunje ukingo, halafu ingia ndani na ulainishe kiungo kwa mkono. Kiungo chenye mwanya ni mdomo unaokula barabara. Kila mvua udongo kidogo hunyonywa kupitia hapo, na huoni kitu mpaka siku shimo la ukubwa wa sufuria linafunguka katikati ya njia.

Makwapa

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote, na ndipo vibarua wanaponichoka. Sehemu ya chini ya ubavu wa bomba, pale linapojikunja kuelekea kitandani, ni kwapa. Koleo halifiki, mashine haifiki, na udongo ukimwagwa tu kutoka juu unaacha pango lenye umbo la pembetatu kwa urefu wote wa bomba. Pango hilo ndilo lililoua kalavati letu la kwanza. Maji ya Aprili yalilipata kutoka mlango wa juu, asubuhi bomba lilikuwa linaning'inia na maji yakipita chini yake.

Tulichonga vijiti viwili kama michi ya kutwangia, urefu wa mita moja na robo, ncha zake zimekatwa mshazari. Vijana wawili walisimama, mmoja kila upande, wakawa wanasukuma moramu kwapani kidogo kidogo na kuisindilia kwa ncha hizo. Nilimwambia mmoja afumbe macho na asikilize. Mwanzoni mchi unatoa sauti ya kufyonza, kama mguu unaotoka kwenye tope. Udongo ukishakaza sauti inabadilika na kuwa kavu, na mchi unaruka mkononi. Sauti ikibadilika, sogea hatua moja. Urefu wa mita 6 ulituchukua asubuhi nzima.

Unyevu wa udongo ni nusu ya kazi. Chukua konzi, ubane, uachie kutoka usawa wa kiuno. Ukibaki tonge zima lililobonyea, una maji mengi. Ukisambaratika kuwa vumbi, mwagia maji. Ukivunjika vipande viwili vitatu, endelea. Usirudishe majivu yale mepesi uliyoyachimba, hata kama yako pale pale na ni bure.

Kutoka hapo panda kwa matabaka ya sentimita 15, upande huu na upande ule kwa pamoja. Ukijaza upande mmoja mpaka juu kwanza, bomba litasogea na viungo vitafunguka. Juu ya mgongo wa bomba shindilia kwa mkono sentimita 30 za mwanzo bila kupiga bomba lenyewe, na usiruhusu gari lolote mpaka zile 60 zitimie. Dereva wa tripu ya mawe alitaka kupita tukiwa na sentimita 25. "Fundi, nakimbiza tu mara moja," alisema. Mawe yake tuliyabeba kwa toroli.

Ukuta wa kichwa

Ukuta huu unazuia udongo wa barabara usidondoke mlangoni, na unabana mahali bomba linapoingia ili maji yasilizunguke. Wetu ulikuwa wa mawe, urefu wa mita 3, ili uingie nusu mita ndani ya ukingo wa kijito kila upande. Hiyo nusu mita isikatwe. Ukuta unaoishia pale ukingo unapoanzia hukaribisha maji yapite nyuma yake. Unene ni sentimita 60 chini na 40 juu, na uso wa nyuma ndio ulioinama. Kimo tulikipandisha sentimita 20 juu ya barabara ili dereva wa usiku aone mwisho wa njia.

Mchanganyiko ni saruji moja kwa mchanga nne. Kila jiwe lizungukwe na mchanganyiko. Mawe yaliyogusana kavu yanaacha njia za maji ndani ya ukuta. Pale ukuta unapokutana na bomba, safisha bomba, lilowanishe, na ujaze mchanganyiko kwa kidole kuzunguka lote, hasa chini. Acha matundu mawili ya bomba la plastiki la inchi 2, sentimita 30 hivi juu ya kitako cha kijito, nyuma yake ukiweka kokoto zilizofungwa kwenye kiroba, ili maji ya ndani ya tuta yatoke bila kusukuma ukuta. Kuta mbili na sakafu za mawe zilikula mifuko 20 ya saruji na zaidi ya mita za ujazo 8 za mawe. Tulizifunika kwa majani ya migomba na kuzimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Mlango wa chini ongeza sakafu ya mawe na saruji ya mita moja na nusu, na ukingo wake wa mbele uzamishwe sentimita 40 ardhini. Mbele ya sakafu hiyo panga mawe makubwa yasiyo na saruji kwa mita nyingine mbili, makubwa kiasi kwamba mtu mmoja anapata taabu kuliinua moja. Yanaachwa huru makusudi: maji yakichimba chini yake, jiwe linashuka na kuziba lile shimo lenyewe, wakati sakafu ngumu ingebaki ikining'inia.

Mvua ya kwanza

Nenda na mwavuli wakati mvua inanyesha. Ukienda kesho yake utakuta kimya. Mlango wa juu tazama kama kuna kizunguzungu kidogo cha maji nje ya bomba, kando ya ukuta. Majani yakizunguka hapo na kuzama, maji yamepata tundu. Mlango wa chini linganisha rangi: maji ya ndani ya bomba yana rangi ya kijito, lakini uzi wa maji unaotoka kando ya bomba ukiwa mwekundu au wa kijivu kuliko kijito, unabeba kitanda chako. Ziba upande wa juu, kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na saruji juu yake. Ukiziba upande wa chini unayafungia maji ndani ya tuta.

Kisha simama barabarani na utazame mgongo wake. Kudidimia kwa sentimita mbili tatu katika msimu wa kwanza, kwa upana wote wa mtaro, ni udongo unaokaa, ongeza changarawe. Bonde dogo la duara juu ya kiungo kimoja ni habari nyingine. Chimba hapo hapo ukaone kiungo.

Aprili iliyofuata nilirudi baada ya usiku wa mvua iliyozima redio kwa kelele kwenye bati. Ndani ya bomba kulikuwa na mstari mpya wa matope. Niliingia na futi, nikapima kutoka sakafuni: sentimita 62. Kwenye mlango wa juu shina la mgomba lilikuwa limekwama kingamo dhidi ya ukuta. Nililisukuma kwa mguu, likageuka, likapita.